Vyeti vinne ukutani, na hakuna wa kumsaidia kijana: huduma ya kwanza na usalama wa moto kazini

Hoteli ninayoisimamia iko mjini Kakamega, mbali kabisa na bahari. Mwenyewe ni mjomba wangu, mtu wa Mombasa kama mimi, na tunauza biriani, samaki wa kupaka na mahamri kwa watu ambao zamani walikuwa wakituuliza mahamri ni nini. Nyuma ya hoteli kuna jiko la kuoka mikate linalofanya kazi usiku kucha. Kwa jumla tuko watu 23.

Siku moja alasiri, karai la mafuta ya kukaangia viazi lilishika moto. Kijana wa jikoni alilishika kwa vitambaa viwili, akataka kulikimbiza nje. Hakufika mlangoni. Mafuta yalimwagika, yakamuunguza mkono na paja. Mwenzake alimwendea mbio na dawa ya meno, mwingine akaleta samli. Mfereji wa maji ulikuwa hatua tatu kutoka pale alipoanguka, na hakuna aliyeufungua.

Ukutani, juu ya kaunta, palikuwa na vyeti vinne ndani ya fremu: viwili vya huduma ya kwanza na viwili vya kuzima moto. Baadaye afisa wa usalama kazini alikuja kuuliza yaliyotokea. Alivitazama, akaanza na cha kwanza.

"Mwenye cheti hiki yuko wapi?"

"Aliacha kazi, afisa."

"Na huyu?"

"Naye aliondoka. Yuko Kisumu sasa."

"Na huyu wa tatu?"

"Siku ile alikuwa na mapumziko yake."

Cha nne kilikuwa changu mimi. Kilikuwa kimekwisha muda miezi kumi na moja kabla ya ajali, na wakati mafuta yanawaka mimi nilikuwa benki. Nimeandika makala haya kwa sababu najua ndugu zetu wengi wa pwani wana hoteli, maduka na karakana, huku bara na huko nyumbani, na kuta zao zinafanana na ukuta wangu wa siku ile.

Karatasi tatu ambazo watu huzichanganya

Ukimuuliza mwenye biashara kama ana cheti cha moto, mara nyingi atakuonyesha karatasi ya kaunti, ile inayotolewa baada ya watu wa zimamoto kukagua jengo. Karatasi hiyo ni ya jengo. Inahusu milango, mitungi ya kuzimia moto na njia za kutokea, na huenda sambamba na leseni ya biashara ya kila mwaka. Haisemi lolote kuhusu kama mpishi wako anajua kuutumia mtungi ule.

Karatasi ya pili ni ripoti ya ukaguzi wa usalama wa moto. Kanuni za kupunguza hatari ya moto kazini, zilizotangazwa Kenya mwaka 2007, zinamtaka mwenye mahali pa kazi afanyiwe ukaguzi huu angalau mara moja kila miezi 12, na mkaguzi awe amekubaliwa na Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, ile ambayo wengi huiita DOSHS. Hii nayo ni ya mahali, si ya mtu.

Karatasi ya tatu ndiyo cheti cha mafunzo. Hiki kina jina la mtu, na mtu huyo akihama huondoka na ujuzi wake, hata kama fremu imebaki ukutani. Hapo ndipo tulipokosea. Tulivihesabu vyeti kama mali ya hoteli, kama viti na masufuria, kumbe vilikuwa mali ya watu ambao hawakuwapo.

Sheria inamtaka nani awe nacho

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka kila mwenye mahali pa kazi aweke sanduku la huduma ya kwanza pahali panapofikika kwa urahisi, na ndani yake pasiwekwe kitu kingine kisichohusu huduma ya kwanza. Letu lilikuwa na risiti, betri na chaja ya simu. Sanduku liwe chini ya mtu maalumu, na penye wafanyakazi zaidi ya kumi mtu huyo lazima awe amefunzwa huduma ya kwanza na awe karibu wakati wote wa kazi. Jina lake libandikwe ili kila mtu ajue wa kumwita.

Maneno "wakati wote wa kazi" ndiyo yenye uzito, nami nitayarudia hapa chini.

Kwa upande wa moto, kanuni zile za mwaka 2007 zinataka mambo mawili tofauti. La kwanza, wafanyakazi wote wafundishwe kutumia vifaa vya kuzimia moto vilivyopo. La pili, pawe na kikosi cha moto cha wafanyakazi wenyewe. Kikosi hiki kazi yake si kuzima tu. Ndio wanaofunga gesi na kukata umeme, wanaowatoa watu nje, wanaohesabu majina kwenye mahali pa kukusanyika na wanaowaita zimamoto. Pia ndio wanaopita kila mara kuangalia kwamba mlango wa nyuma haujazibwa kwa kreti za soda.

Na penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inataka kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi na wa mwajiri. Sisi tulikuwa 23 na hatukuwa na kamati, wala hatukujua kwamba inatakiwa.

Kuhesabu kwa zamu, si kwa vichwa

Baada ya ajali nilikaa na mjomba usiku mmoja na daftari. Yeye alitaka kufunza mtu mmoja tu, kwa sababu sheria imesema mtu. Nikamwomba tuhesabu pamoja.

Tuna zamu tatu. Asubuhi wako watu 11, kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa nane mchana. Jioni wako 9, hadi saa tano usiku. Waokaji wa usiku ni 3. Mtu mmoja aliyefunzwa anaweza kuwa katika zamu moja tu, kwa hiyo tayari zamu mbili hazina mtu. Hata katika zamu yake mwenyewe, ana siku moja ya mapumziko kila wiki, ambazo ni siku 52 kwa mwaka, na likizo ya siku 21 za kazi. Jumla ni siku 73. Yaani bila kuugua na bila msiba, siku moja katika kila tano hayupo.

Tukiweka wawili katika zamu, wenye siku tofauti za mapumziko na wasioenda likizo pamoja, pengo linabaki zile siku ambazo mmoja yuko likizo na mwenzake anapumzika. Kwetu zilikuwa kama siku saba kwa mwaka. Tukiweka watatu, pengo linafungika.

Tuliamua hivi: watatu asubuhi, watatu jioni, wawili usiku. Ni watu wanane wa huduma ya kwanza. Zamu ya usiku ina watu wachache, kwa hiyo wale wawili hawaruhusiwi kukosekana pamoja, na ikilazimu mmoja wa jioni hubadilishana nao. Katika wale watatu wa kila zamu ya mchana, angalau mmoja lazima awe wa jikoni, kwa sababu huko ndiko kwenye visu, moto na mafuta. Awali vyeti vyetu vyote vinne vilikuwa vya watu wa kaunta na ofisi, kwani ndio waliokuwa na nafasi ya kwenda kozi.

Kikosi cha moto tulikifanya cha watu sita, wawili kila zamu. Mafunzo ya kutumia mtungi na blanketi la moto waliyapata wote 23, mimi na mjomba tukiwemo.

Mjomba alinung'unika. "Mpwa wangu, nikifunza wanane, mwezi ujao wanne watanihama na vyeti vyangu."

Nikamwambia, "Wakihama, mjomba, tutajua siku hiyohiyo, maana majina yao yako kwenye daftari. Wale wa mwanzo walihama na sisi tukabaki tunaziangalia fremu."

Hoja yake hata hivyo ilikuwa ya kweli, nasi tuliifanyia kazi kwa kuchagua waliokaa kazini zaidi ya mwaka mmoja kwanza.

Cheti kinadumu muda gani

Cheti cha huduma ya kwanza na cha kuzima moto huwa na tarehe ya kutolewa na tarehe ya mwisho. Usihesabu kwa mazoea wala kwa kusikia kwa jirani, kwa sababu muda hutofautiana kati ya mtoa mafunzo na mwingine na kati ya kozi na kozi. Soma tarehe iliyoandikwa juu ya cheti chenyewe. Kisichokuwa na tarehe ya mwisho, uliza kabla ya kulipa.

Lakini ujuzi haungoji tarehe ya karatasi. Waliochunguza jambo hili katika nchi mbalimbali wameona kwamba ustadi wa kubonyeza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama huanza kupotea ndani ya miezi mitatu hadi sita baada ya kozi. Kwa sababu hiyo huko Uingereza cheti cha huduma ya kwanza kazini hudumu miaka mitatu, lakini mwenye cheti hushauriwa kurudia masomo kwa muda mfupi kila mwaka.

Kwa hiyo kuna marudio ya aina mbili. Moja ni kozi ya marudio kwa mtoa mafunzo, ambayo hukupa cheti kipya. Mwalimu wetu huikubali ikiwa cheti cha zamani hakijakwisha muda. Kikishapita, unaanza kozi nzima upya, nami nililipia kosa hilo mwenyewe. Ya pili ni mazoezi yenu wenyewe kazini, ambayo hayana cheti lakini ndiyo yanayookoa.

Sisi hufanya dakika ishirini kila mwezi, siku ya Jumanne kabla zamu hazijapokezana, jambo moja kila mara. Mwezi mmoja ni kuungua: zima chanzo, vua pete na saa kabla mkono haujavimba, weka pahali palipoungua chini ya maji ya mfereji yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi kisichonata. Hakuna dawa ya meno, samli wala yai. Dakika 20 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo tunaziweka kwenye simu. Mwezi mwingine ni kukabwa na chakula: mapigo matano mgongoni kati ya mabega, yasipofaulu misukumo mitano ya tumboni, kisha kurudia. Mwezi mwingine ni kubonyeza kifua: mara 30, halafu pumzi mbili, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikizama kama sentimita tano. Tunatumia mto mgumu tukikosa sanamu ya mazoezi.

Mwezi wa moto tunawasha mafuta kidogo nje ya uwanja, mwalimu akiwapo. Zima gesi kwanza kama unaweza kuifikia. Usilihamishe karai. Usimwage maji, kwa sababu maji huzama chini ya mafuta, yakageuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka juu ya watu. Funika kwa blanketi la moto au kifuniko kikubwa cha chuma, uache kipoe. Ukifunua mapema moto hurudi. Na kila mtu hujifunza kwamba mtungi wa unga wa kilo tisa huisha kwa chini ya nusu dakika. Moto ukizidi uwezo wa mtungi mmoja, toka nje, funga mlango nyuma yako na upige 999 au 112.

Jinsi ya kukijua cheti chenye maana

Baada ya ajali tulipigiwa simu na watu waliotaka kutuuzia vyeti 23 kwa mchana mmoja, bila hata kuja. Tulimkataa kila asiyeweza kutujibu maswali matatu. Je, taasisi yako iko kwenye orodha ya watoa mafunzo waliokubaliwa na DOSHS? Je, kila mtu atabonyeza sanamu na kushika mtungi kwa mkono wake mwenyewe? Je, mtu akishindwa, utamnyima cheti? Swali la tatu ndilo linalowatambulisha. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza miaka mingi, na wako watoa mafunzo wengine waliokubaliwa. La msingi ni kuthibitisha kwa kurugenzi yenyewe, si kwa muhuri uliopigwa kwenye karatasi.

Ukipewa cheti, angalia jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la kozi, siku zilizofundishwa, namba ya cheti, tarehe mbili na jina la mwalimu. Halafu mfanyie mwenye cheti mtihani mdogo. Mwulize, "Mkono umeungua kwa mafuta, unafanya nini?" Akianza na dawa ya meno, karatasi yake haina kazi.

Ngazi na mlango

Hapa Kakamega hakuna mtu mzima asiyeikumbuka tarehe 3 Februari 2020. Jioni ile, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakitoka madarasani, wakakanyagana kwenye ngazi. Watoto 14 walifariki. Hapakuwa na moto. Zilikuwa ngazi na watu wengi kwa wakati mmoja.

Nalitaja hilo kwa heshima ya wazazi wao, na kwa sababu lilinifundisha kwamba kutoka nje ni kazi yenyewe inayohitaji kufanyiwa mazoezi. Kanuni za moto zinataka zoezi la kutoka angalau mara moja kila miezi 12. Sisi tunalifanya mara mbili, na mara moja huwa saa saba mchana wateja wakiwapo, kwa sababu hoteli tupu hutoka vizuri siku zote. Mara ya kwanza tulichukua dakika sita. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mjomba, naye alikuwa msikitini. Sheria inataka mlango wa kutokea ufunguke kwa urahisi kutoka ndani wakati watu wako kazini. Siku hiyohiyo fundi alibadilisha kufuli akaweka komeo la ndani. Zoezi la pili lilichukua dakika mbili na nusu. Tulipohesabu majina nje tukakosa mtu mmoja, mwosha vyombo, aliyekuwa bado chooni bila kusikia kengele. Sasa mmoja wa kikosi huangalia choo kabla ya kutoka.

Kilichopo ukutani sasa

Fremu tumeziondoa. Vyeti viko kwenye faili, na nakala yake ofisini. Ukutani jikoni na kaunta pana karatasi moja kwa kila zamu, yenye majina ya waliopo leo wa huduma ya kwanza na wa kikosi cha moto, na namba zao za simu. Msimamizi wa zamu huiandika upya kila anapoingia. Ikiwa hakuna jina la kuandika, hunipigia mimi kabla ya kuwasha jiko.

Daftari lina safu saba: jina, zamu, kozi, mtoa mafunzo, tarehe ya kutolewa, tarehe ya mwisho, na siku ya zoezi la mwisho. Nusu ya watu wetu vyeti vyao vinakwisha Januari na nusu Julai, ili wasiishe wote kwa pamoja. Miezi mitatu kabla ya tarehe ya mwisho naandika kwa kalamu nyekundu na kuwasiliana na mwalimu. Mtu akiacha kazi, jina lake linakatwa siku ileile na mwingine anaandikishwa kozi inayofuata.

Kijana wetu alipona. Mkono unafanya kazi, ingawa ngozi ya paja imebaki na kovu. Yeye ndiye sasa kiongozi wa kikosi cha moto cha zamu ya jioni, naye ndiye hufungua mfereji kila mwezi wa zoezi la kuungua na kuwaambia wapya wasimame pale dakika zote ishirini, hata maji yakiwa baridi namna gani.